MWALONI: dami ya ukurasa wa kwanza, Jumanne 14 Mei 2024

Kwa msanifu kurasa, Jumatatu saa nane mchana

Mdogo wangu, maandishi yote yako humu, yameshasomwa mara mbili. Kata kwenye mkia wa habari, usiguse vichwa. Karatasi ni A3 ya kusimama, safu tano za milimita 51, nafasi ya milimita 5 kati ya safu, pembeni acha 11 kila upande. Rangi ni nyeusi na buluu moja tu, na buluu ni ya jina la gazeti. Mara ya mwisho uliipeleka hadi kwenye tangazo, ukurasa ukafanana na kanga.

JUU KABISA (safu 1–5, kimo milimita 62)

Katikati, kwa buluu:

MWALONI
*Habari za Kigoma, Ujiji na vijiji vya ziwani*

Sikio la kushoto: Mawese: msimu wa mise na bei za sokoni, Uk. 4

Sikio la kulia: Michezo: timu za mitaa zagombea uwanja mmoja, Uk. 8

Mstari mwembamba chini yake: Jumanne, 14 Mei 2024 • Kurasa 8 • Shilingi 500

KICHWA KIKUU (safu 1–5, kimo milimita 48, mstari mmoja)

*Miezi mitatu bila nyavu*

KESHO ZIWA LINAFUNGWA

Kichwa kidogo: *Wenye vipe wanavuta vyombo nchi kavu. Wanika dagaa wanabaki na chanja tupu na madeni ya ndoo*

Ulinipendekezea "Serikali yafunga ziwa". Hapana. Hakuna msomaji wetu asiyejua nani kafunga. Anachotaka kuona ni hilo neno "kesho".

PICHA KUU (safu 3–5, upana 163, kimo 109)

Mpigapicha kaleta tatu. Ya meza ya mkutano, yenye chupa za maji zilizopangwa, iende Uk. 3 kwa safu moja. Ya vipe alfajiri ni nzuri ila ni nyeusi tupu. Ikikaa kubwa juu kulia, ukurasa utaegemea upande huo kama mtumbwi uliopakiwa vibaya. Chukua ya mama anayegeuza dagaa kwenye chanja. Dagaa wanang'aa, mchanga mweupe, mbingu nyeupe: picha ni kubwa lakini ni nyepesi kwa jicho. Kisha uzito utaupata chini kushoto kwenye picha ya Liemba, ambayo ni ndogo lakini nyeusi kama masizi. Zipime kwa kufumba jicho nusu, si kwa rula.

Mama anatazama kushoto, yaani anatazama habari yake. Usimgeuze. Na kumbuka karatasi inakunjwa milimita 210 kutoka juu, kwa hiyo kunjo linapita milimita 85 ndani ya picha. Uso wake ukae juu ya hapo. Mkono na dagaa vikikunjwa si neno.

Maelezo ya picha: *Mwanika dagaa akigeuza mzigo kwenye chanja, Kibirizi, jana asubuhi. Jua limerudi, dagaa ndio wanaoondoka.*

HABARI KUU (safu 1–2, kuanzia chini ya kichwa hadi juu ya picha ya Liemba)

Na Mwandishi Wetu, Kibirizi

Kuanzia kesho, Jumatano 15 Mei, uvuvi unasimama katika Ziwa Tanganyika hadi 15 Agosti. Vipe vitakavyoingia majini usiku wa leo ndivyo vya mwisho, na kwa kuagana usiku wenyewe si mzuri: mwezi umekaribia nusu na unazama karibu saa sita. Giza la kuwavuta dagaa kwenye taa litapatikana kuanzia hapo hadi alfajiri.

Uamuzi huu haukutoka Kigoma peke yake. Desemba 2021 Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia zilikubaliana kusimamia uvuvi wa ziwa hili kwa pamoja. Samaki hawana mpaka. Ukifunga upande huu na Kalemie wakaendelea kuvua, umewafugia wenzako.

Sababu inayotolewa ni kuwapa samaki nafasi ya kuzaliana na kukua, maana mavuno yamepungua. Mtu anayelitazama ziwa kutoka Katonga anaweza kushangaa: maji yote haya, urefu wa takriban kilomita 673 na kina cha mita 1,470, samaki wanaishaje? Lakini samaki hawako kote huko. Chini ya mita 200 hivi maji hayana oksijeni ya kutosha, kwa hiyo dagaa, migebuka na nyavu zote za nchi nne vinabanana kwenye tabaka la juu tu. Kina kilichobaki hakimlishi mtu.

Jana asubuhi ufukweni vyombo vichache vilikuwa vimeshavutwa juu. Taa zimefunguliwa, betri zimepelekwa nyumbani. Mwenye kipe mmoja, ambaye hakutaka jina litoke kwa sababu ya deni la injini, alisema miezi mitatu atashona nyavu na kulima. Vijana wake wamemuaga, wengine wanarudi vijijini.

Aliye na hali ngumu zaidi hashiki kasia. Mama tuliyemkuta kwenye chanja ameanika dagaa tangu enzi za karabai. Hana kipe wala wavu. Alfajiri huchukua ndoo kwa mali kauli, huanika, hugeuza, hufukuza kunguru, na dagaa wakikauka huuza na kulipa ndoo ile huku akikopa nyingine. Mzunguko huo ndio ada ya shule na ndio kodi ya chumba. Kesho kutwa atalipia ndoo ya leo, na ndoo ya kukopa haitakuwepo.

Kinachomuuma zaidi ni majira. Wakati wa masika alipoteza mizigo kwa mvua. Dagaa wakinyeshewa siku mbili hawafai hata kwa kuku. Sasa mvua inakata, jua limesimama, chanja inakausha kwa siku moja.

Kinachofungwa ni uvuvi. Boti za abiria na mizigo zinaendelea na safari zake kama kawaida, na waliokuwa wameahirisha kwenda vijiji vya kaskazini kwa hofu hiyo wanaweza kusafiri.

*Inaendelea Uk. 3*

HABARI YA PILI (safu 3–4, chini ya picha kuu)

Maji yasogeza chanja hadi mlangoni

Wafanyabiashara wa Kibirizi wamehamisha chanja na vibanda kwa mara nyingine baada ya ziwa kula sehemu ya ufukwe. Pale palipokuwa njia ya mikokoteni sasa mitumbwi inafungwa kamba. Kibanda kimoja cha chai kimebaki na miguu majini, na mwenyewe anauza chapati akiwa amesimama juu ya tofali.

Ziwa hupokea maji kwa milango mingi, ikiwemo Malagarasi upande wetu na Ruzizi kaskazini, lakini mto unaoyatoa ni mmoja tu, Lukuga, pale Kalemie. Mvua zikizidi, maji hayana haraka ya kutoka. Hukaa na kupanda, kisha huchukua muda mrefu kushuka. Ndiyo maana mvua kukata haimaanishi ufukwe utarudi wiki ijayo.

Wanaoanika wanasema wamebanwa pande mbili: mbele maji, nyuma nyumba za watu. Baadhi wameanza kuanika mchangani kando ya barabara, na mnunuzi akiuma punje ya kwanza anajua dagaa wamelala wapi.

*Inaendelea Uk. 2*

NENO LA MWALO (safu ya 5, chini ya picha kuu, ndani ya boksi lenye mstari mwembamba)

Gazeti hili linaunga mkono ziwa kupumzika. Dagaa huishi mwaka mmoja hivi. Ukimwacha akakua na kutaga, faida huisubiri muda mfupi kuliko anayesubiri mchikichi uzae.

Tunachokataa ni hesabu inayoanzia kwenye chombo na kuishia kwenye chombo. Kila kikao tulichohudhuria kimeuliza wenye vipe watakula nini. Swali ni la haki. Lakini kipe kimoja kikivutwa juu, nyuma yake kuna mwanika, mchuuzi wa beseni, mbeba ndoo, muuza uji wa alfajiri na anayeshona magunia. Hawa hawana leseni ya uvuvi, basi kwenye orodha hawaonekani.

Tunaomba serikali za mitaa za mialo ziwaandike wiki hii, kabla hawajatawanyika. Kumtafuta mtu Agosti ambaye Mei alikuwa amesimama mbele yako ni kazi ya bure. Na mliouza ndoo kwa mali kauli, wapeni muda. Agosti mtawahitaji.

PICHA YA PILI NA KONA YA KALE (safu 1–2, chini kushoto, picha upana 107, kimo 71)

Hii ndiyo nanga ya ukurasa. Usiipandishe mwanga ili "ionekane vizuri". Nataka weusi wake ubaki, ndio unaoishikilia picha ya juu kulia isielee. Maandishi yake weka kwa herufi ndogo ya pointi 8.

Maelezo ya picha: *Liemba gatini Kigoma, picha ya zamani.*

Alhamisi Liemba anatimiza miaka 97 ya jina lake

Meli ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikafungwa makasha na kuja kwa bahari hadi Dar es Salaam, kisha kwa reli hadi Kigoma. Iliingia majini 5 Februari 1915 ikiitwa Graf von Goetzen. Julai 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha ili isitekwe, lakini kwanza wakapaka injini grisi nzito. Waingereza waliiinua 1924, wakakuta bado inafaa, na 16 Mei 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Wazee wa Ujiji wana neno lao juu ya ile grisi. *Soma Uk. 6*

CHINI KABISA (safu 1–5, kimo milimita 45)

Tangazo la kulipiwa, limeshalipiwa:

INJINI YAKO IMEPUMZIKA? ILETE.
Tunafungua, tunasafisha, tunabadilisha pete na plagi za injini za boti. Malipo kidogo kidogo hadi Agosti. Karakana ipo nyuma ya soko, Kibirizi. Uliza mtu yeyote mwenye mikono yenye oili.

Mwenye karakana aliomba picha ya injini. Nimemkatalia kwa upole na nimemwongezea ukubwa wa herufi; picha ya tatu hapo chini ingevunja mizani yote. Kama atapita ofisini, mwambie ni mimi.

Mtambo unaanza saa mbili usiku. Nitumie kurasa saa kumi na mbili niione ikiwa imechapwa kwenye karatasi, si kwenye simu. Na kile kichwa kikuu kikikataa kukaa mstari mmoja, punguza herufi, usivunje neno.