Ripoti ya tukio: stakabadhi za wavuvi zilizolipwa mara mbili Jumanne usiku

Kwa: mwenyekiti, katibu, mhasibu na makarani wa mizani wa chama chetu
Kutoka: fundi wa mfumo wa malipo, ofisi ya Lamu mjini

Saa zote humu ni za Kiswahili. Anayetaka kulinganisha na seva akumbuke kwamba saa 2:30 usiku huandikwa huko 20:30.

Jumanne usiku, kati ya saa 2:30 na saa 2:52, mfumo wetu ulituma mara ya pili malipo ya stakabadhi 108 za samaki na kambamawe waliopimwa Kizingitini na Faza. Fedha zilizotoka kwa kurudia huko ni shilingi 187,340. Juu ya hizo, stakabadhi 11 zilikuwa zimeshalipwa taslimu dikoni siku zilizotangulia, na mfumo ukazilipa tena kwa simu. Hizo ni shilingi 16,250 nyingine. Jumla tuliyolipa zaidi ni shilingi 203,590, kwa watu 76. Hakuna mvuvi aliyepunjwa, na hakuna stakabadhi iliyopotea.

Kosa ni la programu niliyoiandika mimi. Si la makarani, wala si la huduma ya malipo ya simu, ambayo ilifanya kila tulichoiagiza.

Ilivyotokea

Mtandao ulikatika Kizingitini na Faza Jumapili mchana. Makarani waliendelea kupima kama kawaida, na vishikwambi vyao vikahifadhi stakabadhi vikingoja mtandao urudi. Ulirudi Jumanne saa 1:40 usiku, na stakabadhi 214 zikaingia kwenye seva kwa mkupuo, zote zikiwa na hali ya `inasubiri`.

Kazi ya kulipa hujiendesha kila nusu saa. Siku za kawaida hukuta stakabadhi sita au kumi na kuzimaliza ndani ya dakika mbili. Saa 2:00 ilikuta 214. Kila moja huchukua kama sekunde 12, kwa sababu programu hutuma kisha husubiri jibu ndipo iende kwa inayofuata. Hesabu yake ni karibu dakika 43. Saa 2:30 ikafika kazi ya kwanza ikiwa bado njiani, na `cron` ikaanzisha ya pili. `cron` haiulizi kama mwenzake amemaliza, huangalia saa tu.

Saa 2:38 simu ya ofisi ililia. Alikuwa nahodha wa Kizingitini, mtu mzima ambaye sijawahi kumsikia akilalamika. Akaniambia: "Mwanangu, mumenilipa mara mbili. Na hizo pesa nshapawa mkononi tangu Jumapili." Nikamwomba anisomee jumbe zote mbili. Kiasi kilikuwa kimoja, shilingi 2,460, wa kwanza umeingia saa 2:01 na wa pili saa 2:31.

Hapa nilipoteza dakika kumi, na inafaa yaandikwe. Nilidhani ni ujumbe mmoja uliorudiwa na mtandao uliokuwa ukiyumba, nikamwambia, "Subiri kidogo, baba, huenda ni ujumbe tu." Angenisomea namba za muamala ningejua papo hapo, maana zilikuwa mbili tofauti. Sikumwuliza. Nilikwenda kutazama hali ya mtandao badala ya kutazama seva. Saa 2:48 simu ya pili ikaja kutoka Faza na maneno yale yale, ndipo nikaandika:

```
ps aux | grep lipa_zinazosubiri
```

Kazi ya kwanza ilikuwa imeshamaliza saa 2:43. Iliyoonekana ni ya pili, imeanza 20:30 na bado inatuma. Niliiua saa 2:52, nikafunga ratiba yake kabla ya saa 3:00, nikampigia mhasibu nyumbani. Tulikesha naye hadi saa 7 usiku tukilinganisha taarifa ya akaunti na orodha ya stakabadhi, mstari kwa mstari.

Sababu

Kazi mbili kupishana ndiyo sababu inayoonekana kwanza, lakini peke yake isingetosha kuleta hasara.

Programu ilikuwa ikisoma orodha nzima ya zinazosubiri, inatuma moja moja, na mwishoni kabisa ndipo inabadilisha hali ya zote kuwa `imelipwa` kwa amri moja. Niliiandika hivyo ili hifadhidata isisumbuliwe kila sekunde. Matokeo yake, stakabadhi iliyolipwa saa 2:01 ilibaki ikionekana `inasubiri` hadi saa 2:43. Kazi ya pili ilipoamka saa 2:30 iliona 214 zile zile, kwa mpangilio ule ule wa tarehe, ikaanza na za zamani zaidi. Ndiyo maana walioathirika wengi ni wa Jumapili, watu waliokuwa wamengoja kuliko wote.

Huduma ya malipo ingeweza kutuokoa. Ina kinga yake: ombi likija na namba ya rejea iliyokwisha kutumika, hulikataa. Sisi tuliinyima nafasi hiyo, kwa kuwa programu ilitunga rejea mpya kila inapotuma. Malipo mawili ya stakabadhi moja yalifika kwao kama malipo ya vitu viwili visivyohusiana. Katika yote, hili ndilo kosa ninaloliona kubwa zaidi, kwa sababu rejea moja isiyobadilika ingezuia kila kitu hata kama kazi kumi zingepishana.

Kisha zile 11 za taslimu. Karani wa Kizingitini aliona watu wamekaa bila chochote, na baadhi yao wakijiandaa kwenda dago. Akatoa fedha za dharura na kuandika kwenye daftari lake, jina, uzito, kiasi na sahihi. Alifanya jambo la busara, na daftari lake ndilo lililotuwezesha kusawazisha hesabu usiku ule. Lakini kishikwambi hakikuwa na mahali pa kusema "huyu nimeshamlipa", na programu haikujali kama stakabadhi ina dakika tano au siku mbili. Iliona neno `inasubiri` ikaamini kwamba hakuna lililofanyika tangu neno hilo liandikwe. Nane kati ya hizo 11 zilikuwa pia ndani ya zile 108, yaani wenyewe walilipwa mara tatu.

Kasoro hii ilikaa miezi saba bila kuonekana, kwa kuwa mtandao haukuwahi kukatika siku mbili mfululizo wakati samaki ni wengi.

Tulichobadilisha

Jumatano asubuhi niliweka kufuli kwenye ratiba, ili kazi mpya ikikuta ya zamani inaendelea iondoke kimya:

```
*/30 * * * * flock -n /run/lock/malipo.lock /opt/malipo/lipa_zinazosubiri
```

Kufuli hili hujifungua lenyewe programu ikifa, kwa hiyo halitatuachia mlango umefungwa bila mtu ndani. Lakini hulinda mashine moja tu. Siku tukiwa na seva ya pili halitasaidia, na kwa sababu hiyo kinga ya kweli nimeiweka kwenye hifadhidata. Sasa programu haitumi kitu kabla ya kukidai kwanza, ishirini ishirini:

```
UPDATE stakabadhi SET hali = 'inatumwa', imechukuliwa = now()
WHERE id IN (
  SELECT id FROM stakabadhi
  WHERE hali = 'inasubiri'
    AND ilipimwa > now() - interval '24 hours'
  ORDER BY ilipimwa LIMIT 20
  FOR UPDATE SKIP LOCKED)
RETURNING id, rejea, kiasi;
```

Stakabadhi ambayo kazi moja imeishika, nyingine huiruka. Jibu la malipo likirudi, hali ya stakabadhi hiyo hubadilishwa pale pale, bila kungoja nyingine.

Safu ya `rejea` ni mpya. Hutungwa mara moja tu, karani anapobonyeza "Pima", na hairuhusiwi kujirudia. Tukituma mara mbili kwa sababu yoyote, ombi la pili litakataliwa upande wa huduma.

Stakabadhi ikikwama kwenye `inatumwa`, mathalani umeme umekatika katikati, programu hairuhusiwi kuirudisha `inasubiri`. Huiuliza kwanza huduma ya malipo kwa rejea ile ile kama fedha zilitoka. Jibu lisipopatikana, inangoja mtu.

Iliyozidi saa 24 tangu ipimwe hailipwi yenyewe tena. Huingia kwenye orodha ya mhasibu, naye humpigia karani kabla ya kuidhinisha. Mhasibu amesema, na ana haki, kwamba hii ni kazi ya ziada kwake kila mtandao ukikatika. Nimelifikiria na bado nashikilia kwamba ni sawa. Siku mbili dikoni ni muda mrefu, mengi hufanyika, na anayeyajua ni karani. Ili kumpunguzia mzigo, kishikwambi sasa kina kitufe cha "Taslimu" kinachofanya kazi bila mtandao, na stakabadhi ya namna hiyo hufika kwenye seva ikiwa `imelipwa` tayari.

Mwisho, kazi ikikuta zaidi ya stakabadhi 40 hutuma ujumbe kwangu na kwa mhasibu, kisha husimama hadi mmoja wetu aijibu.

Alhamisi niliyajaribu haya kwenye nakala ya hifadhidata: stakabadhi 214, kazi mbili zikianza sekunde moja, bila kufuli la ratiba wala vizuizi vya saa 24 na vya stakabadhi 40. Zilitumwa 214. Nikarudia, safari hii nikiua kazi moja katikati. Zile ilizokuwa imezidai na haijazimaliza zilibaki `inatumwa`, na hazikutumwa tena.

Fedha zilizotoka

Pendekezo la kwanza lilikuwa kukata kwenye mapato yajayo ya kila aliyepokea. Nililipinga, na kamati ikakubali. Fedha huingia kwenye simu ya nahodha, lakini si zake peke yake. Yule aliyenipigia alikuwa ameshawagawia mabaharia wake wanne mafungu ya safari ile. Tukimkata wiki ijayo, atakayeumia huenda ni baharia mwingine aliyepanda chombo baada ya mmoja wa wale wanne kushuka.

Kwa hiyo Ijumaa baada ya sala mwenyekiti, mhasibu na mimi tulivuka hadi Kizingitini, kisha Faza, tukakaa na manahodha na orodha ya kila mmoja mkononi. Tuliomba radhi kwanza. Wengi walirudisha siku hiyo hiyo, wengine walichagua wenyewe kukatwa kidogo kidogo na wakatia sahihi. Hadi naandika, shilingi 171,290 zimerudi. Zimebaki 32,300 kwa watu 14, watatu kati yao wako dago na hawajapatikana. Ambazo hazitarudi, kamati imekubali zibebwe na chama.

Lililobaki

Kazi inayotuma risiti za barafu na mafuta imeandikwa kwa mtindo ule ule wa kubadilisha hali mwishoni. Haitoi fedha, lakini inaweza kumdai mtu mara mbili. Nimeiondoa kwenye ratiba. Naiendesha kwa mkono kila jioni, na itakuwa imerekebishwa kufikia Ijumaa ijayo. Karani yeyote akiona risiti iliyojirudia kabla ya hapo anipigie hata usiku, na anisomee namba zote mbili.