Maombi ya mkopo wa msimu wa mpunga, 2022/2023

Tumaini Mwakalinga,
Madibira,
Wilaya ya Mbarali.
5 Desemba 2022.

Meneja wa Tawi,
Benki ya NMB,
Rujewa, Mbarali.

Ndugu Meneja,

YAH: MAOMBI YA MKOPO WA MSIMU WA SH. 1,300,000 KWA KILIMO CHA MPUNGA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mkulima wa mpunga katika skimu ya umwagiliaji ya Madibira, na nina akaunti ya akiba katika tawi lako tangu 2017. Nalima eka mbili na nusu. Kitalu cha mbegu ya SARO 5 nitamwaga katikati ya mwezi huu, na kulima na kuchavanga nitalipia mwenyewe kwa akiba yangu ya sh. 300,000.

Mkopo utakwenda hivi: mbolea mifuko 8, DAP 3 na Urea 5, kwa bei ya ruzuku ya sh. 70,000, jumla sh. 560,000, vibarua wa kupandikiza sh. 250,000, palizi na dawa ya magugu sh. 190,000, kuvuna, magunia na usafiri sh. 300,000. Naomba sh. 1,000,000 zitoke kabla ya katikati ya Januari, maana miche ikikaa kitaluni kupita wiki nne inazeeka na haizai vizuri. Sh. 300,000 zitoke mwishoni mwa Mei.

Naomba pia marejesho yawe mara moja, tarehe 31 Oktoba 2023, si mwezi Julai. Hili ndilo kubwa kwangu. Msimu uliopita mbolea ilikuwa ghali, nikaweka nusu tu, nikapata gunia 38 badala ya 52 za msimu wa kabla yake. Halafu aliyenikopesha alitaka fedha yake mpunga ukiwa bado uwanjani. Niliuza gunia 28 kwa sh. 70,000 kila moja, mwezi uliopita mpunga huohuo ulifika sh. 110,000. Sh. 1,120,000 zimenipita hivyo, karibu sawa na mkopo ninaoomba leo.

Safari hii natarajia gunia 50. Nikitoa 10 za chakula, 40 zinabaki, na hata zikirudi kwenye sh. 70,000 napata sh. 2,800,000, deni na riba vinalipika. Zitakaa ghalani, na afisa wako anakaribishwa kuzihesabu wakati wowote.

Dhamana ni shamba langu la mahindi la eka 4 nje ya skimu, lenye hati ya hakimiliki ya kimila. Mume wangu ameridhia kwa maandishi. Nimeambatanisha nakala ya hati, ridhaa hiyo, barua ya mtendaji wa kijiji, nakala ya kitambulisho cha taifa na picha mbili.

Nitafika ofisini kwako Jumatatu, tarehe 12 Desemba, kwa mahojiano.

Wako mwaminifu,

Tumaini Mwakalinga