Notisi ya Kutohuisha Mkataba wa Matengenezo ya Lifti

Kumb. Na. CW/LIFTI/09/2025
15 Septemba 2025

Mkurugenzi Mtendaji,
Kampuni ya Matengenezo ya Lifti.

KWA MKONO, NA NAKALA KWA POSTA YA REJISTA

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: NOTISI YA KUTOHUISHA MKATABA NA. ML/2022/14 UNAOFIKIA UKOMO TAREHE 31 DESEMBA 2025

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Chama cha Wamiliki wa Jengo kinakupa notisi, kwa mujibu wa kifungu cha 15.2 cha mkataba uliotiwa saini tarehe 20 Desemba 2022, kwamba hakitauhuisha mkataba huo, na kwamba utakoma wenyewe mwisho wa siku ya tarehe 31 Desemba 2025, muda wake wa miaka mitatu utakapokamilika. Kifungu hicho kinaeleza kuwa mkataba utaendelea kwa miezi 12 mingine iwapo hakuna upande utakaotoa notisi ya maandishi angalau siku 90 kabla ya ukomo. Siku ya mwisho ya kutoa notisi hiyo ni tarehe 2 Oktoba 2025. Barua hii inakabidhiwa ofisini kwenu leo, ndani ya muda, kwa njia iliyoelekezwa na kifungu cha 21. Nakala iliyotumwa kwa barua pepe ni ya taarifa tu.

Ieleweke kwamba hatuvunji mkataba kabla ya wakati wake, wala notisi hii haitolewi chini ya kifungu cha 16 kinachohusu ukiukaji. Hadi siku ya mwisho, pande zote mbili zinabaki na wajibu wake kamili: ninyi kufanya ukaguzi wa kila mwezi na kuitikia wito wa dharura ndani ya saa nne, sisi kulipa ankara zilizo sahihi kwa wakati. Mafundi wenu wanaofika jengoni wamekuwa watu wa heshima na bidii, na hatuna sababu ya kutarajia vinginevyo katika miezi iliyobaki.

Hata hivyo, lipo jambo moja ambalo ukomo wa mkataba hauwezi kulifuta. Lifti Na. 2 ilisimama ghorofa ya nne asubuhi ya tarehe 3 Juni 2025, na haikurudi kazini hadi tarehe 11 Juni. Daftari la matengenezo lililomo katika chumba cha mashine linaonyesha kwamba fundi alifika siku hiyohiyo ya kwanza, akaandika kuwa mota ya mlango imeungua na kwamba anasubiri kipuri kutoka ghalani kwenu. Mota hiyo imo katika orodha ya vipuri ambavyo, kwa Kiambatisho B, mlipaswa kuwa navyo akibani wakati wote. Pamoja na hayo, ankara ya Juni ilikuja bila makato yaliyowekwa na kifungu cha 9.4 kwa kila siku ambayo lifti haifanyi kazi. Tuliilipa ili huduma isikatike, huku tukieleza pingamizi letu katika barua ya tarehe 7 Julai, ambayo hadi leo haijajibiwa.

Kwa hiyo, Chama kinahifadhi haki na nafuu zake zote chini ya mkataba na sheria, zikiwamo haki ya kudai makato hayo, kuyakata katika ankara zijazo kadiri mkataba unavyoruhusu, na kupeleka mgogoro kwenye usuluhishi kwa mujibu wa kifungu cha 19. Notisi hii, malipo yoyote tuliyofanya au tutakayofanya, ukimya wetu, au mazungumzo yoyote ya makabidhiano visichukuliwe kuwa ni kusamehe haki hizo, kukubali deni, wala kuurefusha mkataba. Urefushaji wowote utakuwa halali tu ukiwa wa maandishi na kusainiwa na pande zote mbili. Vifungu vya usiri, bima na dhamana ya kazi iliyokwisha kufanyika vitaendelea kutumika baada ya ukomo, kama vyenyewe vinavyosema.

Kuhusu makabidhiano, tunaomba tukutane katika chumba cha mashine tarehe 15 Desemba 2025 saa 4:00 asubuhi kwa ukaguzi wa pamoja, ili hali ya kila lifti iandikwe na kusainiwa mbele ya pande zote. Ifikapo tarehe 31 Desemba mtakabidhi funguo zote, daftari la matengenezo, michoro ya umeme na nywila za mfumo wa udhibiti. Nywila ni muhimu hasa, kwa kuwa bila hizo fundi mwingine hawezi kusoma kumbukumbu za hitilafu. Ankara ya mwisho itufikie kabla ya tarehe 31 Januari 2026.

Tafadhali saini na kugonga muhuri nakala iliyoambatishwa kuthibitisha kuwa mmeipokea barua hii. Kutosaini hakutabatilisha notisi, kwani mpelekaji wetu ataandika tarehe, saa na cheo cha aliyeipokea.

Wako mwaminifu,

(Saini)
Katibu,
Kwa niaba ya Chama cha Wamiliki wa Jengo

Nakala: Mwenyekiti, Mweka Hazina, Wakili wa Chama