Swali la 14: ombi la kukubali jibu C pamoja na A

Langoni, Lamu
12 Machi 2025

Kwa Mwalimu wa somo la Injini za Boti

KUH: KUANGALIWA UPYA KWA SWALI LA 14, MTIHANI WA KATI YA MUHULA

Assalaam aleikum mwalimu. Natumai barua hii itakukuta u mzima wa afya.

Nimerudishiwa karatasi yangu. Katika swali la 14 nilichagua C, nikatiwa mkasi, na pembeni pameandikwa "A, impela". Sisemi A ni kosa. Ninachosema ni kwamba kwa maelezo yaliyomo ndani ya swali lenyewe, A na C zote zinakubalika, na hakuna neno hata moja pale linalompa mwanafunzi njia ya kuikataa mojawapo. Kabla sijaendelea, nikiri kwamba swali la 31 nimekosa kwa haki: petroli lita 20 kwa mchanganyiko wa 50:1 inataka oili mililita 400, nami niliandika 200. Hilo silidai.

Nalinakili swali la 14 kama lilivyo, ili sote tuwe tunasoma maneno yale yale:

"Boti yenye injini moja ya tezini, stroki mbili, nguvu farasi 15, hupita mlango wa bahari wa Mkanda mara kwa mara maji yakiwa yamekupwa. Leo imepita juu ya fungu la mchanga lenye majani ya bahari. Baada ya hapo nahodha anaona kwamba kwa mwendo wa chini injini inatema maji vizuri, lakini akiongeza mafuta mkondo wa maji unakuwa mwembamba, injini inachemka na nguvu zinapungua. Petroli imechanganywa na oili 50:1. Chanzo ni kipi?
A. Impela ya pampu ya maji imechakaa.
B. Thamostati imekwama ikiwa imefungwa.
C. Matundu ya kuingizia maji yameziba.
D. Oili iliyotiwa kwenye petroli haitoshi."

D inajitoa yenyewe, maana mchanganyiko umetajwa na ni sahihi. Na hata oili ingekuwa kidogo, pistoni ingeumia lakini mkondo wa maji usingekuwa mwembamba. B nayo haisimami. Katika injini tulizofungua karakanani, maji ya lile tundu la nyuma yanachukuliwa kabla ya kufika kwenye thamostati, kwa hiyo thamostati ikigoma kufunguka injini itachemka huku tundu likiendelea kutema kwa nguvu. Hapo nadhani hatupingani. Ubishi uko kwenye zile mbili zilizobaki.

Naanza na A, kwa sababu ndilo jibu lako. Impela ni mpira wenye mapezi, umekaa ndani ya kikombe ambacho kitovu chake hakilingani na kitovu cha shafti. Upande mwembamba mapezi yanakunjwa, upande mpana yanafunguka, na huko kufunguka ndiko kunakovuta maji na kuyasukuma juu. Mchanga ukiingia unasimama kati ya ncha ya pezi na ukuta wa kikombe, unachora mistari kwenye chuma na kula mpira. Boti inayopita fungu lile lile kila wiki lazima impela yake iishe mapema. Maneno "mara kwa mara" yanaielekea A, nakubali. Pia mpira ukiachana na bushi yake ya shaba ya katikati, kwa mwendo wa chini unazunguka pamoja nayo, lakini mzigo ukizidi bushi inateleza ndani ya mpira na maji yanapungua. Hali hiyo inafanana kabisa na iliyoelezwa kwenye swali.

Lakini tuitazame ile impela iliyochakaa ya kawaida, yenye mapezi yaliyolika ncha au yaliyopinda yasirudi. Kwa mwendo wa chini pampu hii inategemea ncha za mapezi kugusa ukuta. Kwa mwendo wa juu, shinikizo la maji linayaondoa mapezi ukutani, na pampu inafanya kazi kwa nguvu ya kuyarusha maji nje tu. Kwa hiyo ncha zikiisha, udhaifu hujitokeza kwanza pale injini inapozunguka polepole: maji yanachuruzika kama bomba la mtaani, ukikaza mafuta yanachangamka. Swali lako linasema kinyume: chini vizuri, juu hafifu. Bado A inaweza kutetewa, kwa bushi iliyoachana, au kwa sababu joto linaongezeka pamoja na mzigo na pampu iliyochoka haiwezi kulifuata. Ila dalili iliyoandikwa si ile ya kwanza ambayo fundi angetarajia kwa impela iliyolika.

Sasa C. Matundu ya kuingizia maji yako ubavuni mwa mguu wa injini, juu kidogo ya propela, mfano wa meno ya kitana. Ni membamba, na sababu ya wembamba wake ni hiyo hiyo ya kuzuia takataka. Majani ya bahari yaliyong'olewa na propela kwenye maji machache yanaelea mle mle mguu unamopita. Injini ikizunguka polepole pampu inavuta kidogo, jani linakaa legelege juu ya matundu na maji yanapenya pembeni. Ukiongeza mafuta mvuto unazidi, jani linajibana kama karatasi kwenye mdomo wa mtu anayevuta pumzi, na maji yanakatika. Ukipunguza, linalegea tena. Mfuko wa plastiki hufanya vivyo hivyo, na ingawa mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu 2017, baharini haijaisha. Yaani mpangilio wa "chini vizuri, juu hafifu" ndio hasa unaozaliwa na kuziba kwa matundu. Kisha swali linataja majani ya bahari kwa jina, na linasema "leo" na "baada ya hapo". Impela hailiki kwa fungu moja la asubuhi moja, ilhali matundu huziba kwa dakika.

Ndiyo maana nasema swali limebeba ushahidi wa pande mbili: "mara kwa mara" na "mchanga" vinavuta A, "leo", "baada ya hapo", "majani ya bahari" na mwendo wa maji wenyewe vinavuta C. Mtu akisoma neno moja zaidi ya jingine atafika kwenye jibu tofauti bila kukosa kanuni yoyote uliyotufundisha.

Huenda utasema kwamba fundi mzuri huanza na impela kwa kuwa ni kitu cha kubadilishwa kila msimu. Lakini utaratibu ulioko kwenye maelezo yetu ya wiki ya nne unaanza na kisichohitaji spana. Zima injini. Inua mguu. Angalia matundu pande zote mbili, toa majani kwa mkono, yaliyonasa ndani yatoe kwa kijiti, si kwa bisibisi itakayopanua meno. Chomeka waya mwembamba kwenye tundu la nyuma, maana chembe ya mchanga ikikaa pale mkondo unakuwa mwembamba hata pampu ikiwa nzima (hiyo peke yake haichemshi injini, kwa hiyo hapa haituhusu). Shusha mguu, washa, ongeza mafuta taratibu. Maji yakirudi kwa mwendo wa juu, chanzo kilikuwa C na kazi imekwisha.

Yasiporudi, injini inapelekwa kwenye pipa la maji safi, maji yakiwa juu ya ile sahani bapa iliyo juu ya propela, gia ikiwa huru. Mwendo uwe wa chini tu. Kwenye pipa hapapimwi mwendo wa juu. Mkondo ukiwa hafifu hata huko, ambako hakuna jani wala mchanga, pampu inashukiwa. Ukiwa mzuri, pampu bado haijasafishika, kwa sababu bushi inayoteleza haionekani bila mzigo, na hapo ndipo mguu unafunguliwa. Unashika bushi kwa koleo na kuusokota mpira kwa mkono: ukizunguka peke yake, umeachana. Unaangalia ncha za mapezi, mistari ndani ya kikombe na kwenye sahani ya chini. Pezi lililokatika linatafutwa mpaka lipatikane, maana kipande kikipanda juu kitaziba njia ya maji ndani ya injini na utabadilisha impela bure. Na wakati wote huo injini haiwashwi kavu hata kidogo, kwa kuwa maji ndiyo mafuta ya ule mpira.

Kati ya vipimo vyote hivyo, swali la 14 halikutoa matokeo ya hata kimoja. Lingesema "nahodha alitoa majani yote na hali haikubadilika", C ingekufa na ningestahili sifuri. Lingesema "impela ilibadilishwa wiki iliyopita", A ingekufa. Sentensi moja tu ilikuwa inatosha.

Basi ninachoomba ni A na C zote zihesabiwe kuwa sahihi, na alama 2 za swali hilo nirudishiwe, pamoja na mwenzangu yeyote aliyejibu C. Ukiona hilo haliwezekani, swali liondolewe kwenye hesabu, mtihani uhesabiwe kwa alama 78 badala ya 80. Hapo waliojibu A hawapati faida wala sisi hatupati hasara. Njia ya kwanza naiona ya haki zaidi, kwa kuwa walioandika A nao walifikiri vizuri. Kwa karatasi ya mwakani, maneno haya yangelifunga swali: "Nahodha alisimamisha boti, akasafisha matundu ya kuingizia maji, na mkondo ukabaki mwembamba kama mwanzo."

Ikiwa kuna jambo kwenye swali ambalo sikuliona na linaloikata C, naomba unionyeshe, nami nitaiondoa barua hii. Siku ya Alhamisi baada ya kipindi cha pili nitakuwa karakanani. Ile injini ya mafunzo iko kwenye pipa. Pampu yake inaweza kufunguliwa na mambo haya yakaangaliwa kwa macho. Nimeambatisha nakala ya ukurasa wa 3 wa karatasi yangu wenye alama yako.

Wako mtiifu,

Omari Shee
Mwaka wa pili, nambari ya darasa 17