Barua kwa Mzee Idrisa: bei ya dagaa na muda wa mali kauli

Stoo ya dagaa, Mwalo wa Kibirizi
Kigoma
Jumatatu, 9 Februari 2026

Kwa Mzee Idrisa
Duka la vyakula, jumla na rejareja
Tabora mjini

YAH: OMBI LA KUPUNGUZIWA BEI NA KUONGEZEWA MUDA WA KULIPA

Shikamoo mzee wangu. Natumaini wewe na Mama Salum hamjambo, na presha yake imetulia. Huku sisi ni wazima, mvua tu ndiyo inatusumbua.

Ujumbe wa Salum niliupata Ijumaa jioni. Sikutaka kumjibu kwa simu palepale, maana mambo ya fedha yakijibiwa kwa haraka hukatwa vibaya. Nikaona nikuandikie wewe mwenyewe, na barua hii nimempa dereva akufikishie mkononi. Salum ameniomba mambo mawili: nipunguze shilingi 2,000 kwa kila kilo badala ya 500 ninayopunguza sasa, na mali kauli itoke siku 14 iwe siku 60. Akaongeza kwamba kuna mtu mwingine wa Kigoma amekubali yote mawili, na mimi nisipokubali mtahamia kwake. Maneno yalikuwa makali kidogo, lakini kijana anatetea duka la baba yake, sina kinyongo naye.

Mzee wangu, yote mawili siyawezi. Nakueleza kwa nini, kisha nakueleza ninachoweza.

Hesabu hii huwa simfungulii mteja, ila wewe si mteja wa juzi. Kwa giza la mwezi lililopita dagaa wakavu, daraja la kwanza, nimewanunua hapa mwaloni kwa 23,500 kilo. Magunia, vibarua wa kuchambua na kupakia, ushuru na pango la stoo vinakula 900. Kusafirisha hadi mlangoni kwako, kupitia Uvinza, Kaliua na Urambo, ni 700. Jumla 25,100. Bei yangu ya jumla ni 27,000, wewe nakutolea 500, unabaki kulipa 26,500. Kwa hiyo kwenye kilo yako napata 1,400, na humo humo kuna chakula cha nyumbani, ada za watoto na gunia linalolowa njiani. Nikipunguza 2,000 utanilipa 25,000. Hapo kila kilo ninayokuletea nitakuwa nimeongezea 100 kutoka mfukoni, na kwa mzigo wa kilo 300 ni 30,000. Mwezi mmoja ningevumilia kwa heshima yako, lakini mwezi wa tatu ningeanza kukutafutia dagaa wa bei ndogo nikiwaita daraja la kwanza. Hilo sitaki tufike.

Na wakati wenyewe ni huu wa mvua. Kiangazi dagaa wakianikwa asubuhi, jua likiwa kali jioni wameshakauka. Sasa hivi mtu anaanika, wingu linafunga, anakimbilia kufunika turubai, kesho anaanza upya. Wengine wanageuka rangi kabla hawajakauka, na hao inabidi niwakatae. Ndiyo maana wazuri wamekuwa wachache na bei haishuki hata siku samaki wanapopatikana.

Huyo aliyewaahidi 25,000 simjui na simsemi. Ninachokuomba ni kabla ya kumpa fedha, chukua kilo kumi zake, zipime, uziache stoo wiki moja kwenye gunia lililo wazi, kisha uzipime tena. Dagaa wasiokauka sawasawa hupungua uzito, na wewe unakuwa umenunua maji. Mzigo wa kilo 300 ukipungua kilo 15 tu, ile 25,000 yako imeshageuka kuwa zaidi ya 26,300, hapo hujahesabu mchanga wa walioanikwa chini. Wa kwangu wanakauka juu ya vichanja, unajua mwenyewe. Angalia pia kama hawajachanganywa na dagaa wa Ziwa Viktoria. Nao ni chakula kizuri, ila bei yao ni nyingine, na mteja wako wa Tabora atawatambua kwenye sufuria ya kwanza.

Suala la muda ndilo zito zaidi kwangu kuliko bei.

Wenye vipe hawakopeshi. Wanatoka jioni na taa zao, wanarudi alfajiri, na kabla jua halijapanda wanataka fedha ya mafuta, ya vibarua na ya kurudi tena majini usiku huohuo. Waanikaji nao wananunua kwao kwa taslimu, na mimi nanunua kwa waanikaji kwa taslimu. Kazi inafanyika kwenye giza. Mbalamwezi ikishapanda taa hazivuti dagaa, vipe vinapaki, mwalo unakuwa kimya. Kwa hiyo kila mwezi nina majuma machache tu ya kununua, na asiyekuwa na fedha mkononi siku hizo anawatazama wenzake wakipakia.

Sasa chukua mali kauli ya siku 60. Mzigo wako wa kilo 300 ni 7,950,000. Ukiuchukua giza hili na giza lijalo, kabla hujalipa hata senti, fedha yangu iliyoko Tabora itakuwa 15,900,000. Mtaji wangu wote haufiki mbali na hapo, na sehemu yake ni mkopo wa chama cha akiba ambao marejesho yake ni kila mwezi. Ningekuja kununua mzigo wa tatu na nini? Wewe ndiye ungekuwa wa kwanza kukosa dagaa.

Ninaelewa mnakobanwa. Wateja wenu wa Urambo na Kaliua wanakula kwa deni mpaka tumbaku iuzwe, na masoko ya tumbaku bado hayajafunguliwa. Hata yakifunguliwa mkulima hapati fedha siku hiyohiyo. Wewe umewakopesha wao, ndipo unataka mimi nikukopeshe wewe. Lakini nyuma yangu hakuna wa kunikopesha mimi, mzee wangu. Deni likifika ufukweni linakwama.

Wala sijasahau tulikotoka. Ziwa lilipofungwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, dagaa niliokuwa nimewaweka stoo walikuja kuulizwa na watu wa Dar es Salaam kwa bei ya juu kuliko yako. Mzigo wako sikuugusa, kwa sababu ulikuwa umenitumia nusu ya fedha mapema na kuniambia, "Wewe nunua, mimi nitasubiri." Fedha ile ndiyo iliyonisaidia kununua kabla ziwa halijafungwa. Kwa hiyo ninaposema siwezi, usione nimekugeuka.

Haya ndiyo ninayoweza, kuanzia mzigo huu.

Ukilipa mzigo wote kwa simu kabla haujapakiwa, nitatoa 1,000 kwa kilo badala ya 500, utalipa 26,000. Nitabaki na 900, ndogo, lakini fedha taslimu katikati ya giza inanisaidia kuchagua dagaa wazuri asubuhi mapema kabla wachuuzi wengine hawajafika. Zaidi ya hapo sina pa kukata.

Ukitaka kuendelea na mali kauli, bei inabaki 26,500 na muda siku 14, lakini badala ya kilo 300 kwa mkupuo nitakutumia 150, na 150 nyingine baada ya kulipa zile za kwanza. Deni lako halitazidi 3,975,000 wakati wowote, halitakunyima usingizi, na dagaa hawatakaa stoo kwako mpaka waanze kutoa harufu. Gharama ya gari kwa mzigo mdogo inapanda kidogo; nyongeza hiyo nitaibeba mimi hadi mwisho wa Aprili. Ukweli ni kwamba mimi napenda njia hii kuliko ile ya kwanza, kwa ajili yako na kwa ajili yangu.

Kwa wale wateja wanaolalamika bei, ninao dagaa waliovunjika wakati wa kuchekecha. Ni walewale, wakavu, hawana mchanga, ila hawapendezi kwa macho. Hao nitakupa kwa 19,000 kilo, mkilipa mkipokea, na mama ntilie wa mjini hawatawalalamikia, maana wakishaingia kwenye nyanya na mawese hakuna anayeuliza kichwa kiko wapi. Kwa sasa nina kilo 60.

Na gunia likilowa njiani, hasara ni yangu. Pimeni mzigo mbele ya dereva kabla hajaondoka, mnitumie picha ya mizani, kilichoharibika nitakikata kwenye deni. Hili tulikuwa tunalifanya kwa mdomo, sasa nimeliandika ili Salum naye awe nalo.

Jambo la mwisho nalisema kwa adabu. Mzigo wa tarehe 20 Januari ulikuwa 7,950,000, mmeshalipa 5,300,000, bado 2,650,000 ambayo siku zake zilikwisha tarehe 3 mwezi huu. Najua si kawaida yako kuchelewa, ndiyo maana sikupiga simu. Lakini gari linapakia Jumamosi tarehe 14, na fedha hiyo ndiyo ya kununulia mzigo wako. Ikinifikia hadi Alhamisi jioni, kilo 150 za kwanza zitakuwa dukani kabla Ramadhani haijaingia. Kama yote haipatikani, nitumie 1,500,000 Alhamisi, na iliyobaki tupange tarehe kwa simu, wewe na mimi.

Kama mtaamua kujaribu kwa yule mwingine, nitaumia lakini sitanuna. Mtakapotaka kurudi, bei yenu itakuwa ileile ya wateja wa zamani, hamtaanza upya na 27,000. Ninaomba tu mniambie mapema, ili kilo 300 nilizopanga kuwanunulia niwape watu wa Nzega wanaoziulizia.

Nipigie siku yoyote baada ya saa nne asubuhi. Kabla ya hapo niko mwaloni na simu haisikiki kwa kelele. Mama Salum nimemwekea migebuka minne ya kukaushwa kwenye mfuko mweupe, dereva anajua, hiyo haimo kwenye hesabu. Msalimie sana, na Salum mwambie nimemsikia.

Wako katika biashara,

Mwajuma
Kibirizi, Kigoma