Redio ya Baba Zuhura

Mechi ya Simba na Yanga ilikuwa imeshaanza, na redio ya Baba Zuhura inakwaruza tu. Kila teksi ikipanda tuta, mtangazaji anamezwa, kisha anaibuka katikati ya neno na kupotea tena.

Kwa dereva anayekesha kijiwe cha Muhimbili, redio ni mwenzake wa usiku. Alishabadilisha antena ya nje kule Gerezani, wapi. Fundi mmoja akamwambia redio imekufa, anunue nyingine kwa shilingi 120,000. Hela hiyo anayo, lakini ni ada ya Zuhura.

Abiria wake siku hiyo alikuwa binti mwenye ovaroli na begi la vifaa, anakwenda Buguruni. Alisikiliza kwa muda, kisha akainama mbele.

"Samahani baba, ukichomeka flashi nayo inakwaruza?"

"Hapana mwanangu, flashi inapiga safi kabisa."

"Basi spika ni nzima. Ubovu uko kwenye njia ya antena. Kuna mtu alifungua dashibodi karibuni?"

Alikuwepo: fundi umeme aliyebadilisha kibalbu cha swichi ya feni. Baba Zuhura alipopiga hesabu, mikwaruzo ilianza wiki ileile. Akaegesha pembeni palepale.

Binti alibandua fremu, akafungua skrubu nne, akaivuta redio taratibu mpaka waya zilipoishia. Gari lilitoka Japani likiwa limetumika, na redio yake ilitengenezwa kushika FM ya huko, megahezi 76 hadi 90. Stesheni zetu zinafika 108, ndiyo maana nyuma huwekwa kiboksi cha kushusha masafa. Waya wa antena unaingia kwenye kiboksi, kiboksi kinaingia kwenye redio.

"Ona hapa, baba."

Plagi ya antena ilikuwa imeingia nusu tu, shingo yake ya chuma iko nje, imeshika vumbi. Kiboksi kilikuwa kinaning'inia, na kila tuta lilikuwa linaivuta plagi zaidi. Binti aliifuta kwa kitambaa, akaisukuma kwa dole gumba. Ka! Mtangazaji akajaa garini, sauti haina hata punje ya mchanga. Baba Zuhura alipiga usukani kwa viganja viwili.

"Subiri kwanza," binti alisema. Alikifunga kiboksi kwenye fungu la waya kwa tepu nyeusi kisiyumbe tena, akatikisa waya wote huku anasikiliza. Kimya, hakuna mkwaruzo. Ndipo akarudisha skrubu.

"Nikulipe nini?"

"Nifikishe Buguruni, baba. Mama ananisubiri."

"Nauli yako usiiguse. Na namba yako uniachie, pale kijiweni wenzangu watatu redio zao zinalia hivihivi."

Binti alikuwa anaandika namba mtangazaji alipopaza sauti: penalti. Baba Zuhura akazima injini.

"Mwanangu, mama atatusamehe dakika moja."