Yah: Uwezo wa Kufanya Kazi wa Mfanyakazi Na. 2318, Idara ya Ghala

SIRI
Kumb. Na. AK/2026/041
6 Machi 2026

Meneja Rasilimali Watu,
Ghala la Mbolea,
Makambako.

Nilimpima mfanyakazi huyu, dereva wa foklifti ambaye pia hupakia mzigo, jana Alhamisi kufuatia ombi lako la tarehe 26 Februari. Anaweza kurudi kazini Jumatatu tarehe 9 Machi 2026 kwa masharti, hadi Jumapili tarehe 19 Aprili 2026, yaani wiki 6.

Asinyanyue, asisukume wala asivute kitu kinachozidi kilo 5. Jumanne nilipita ghalani nikaona mnavyopakia: mfuko wa kilo 50 unatupwa kutoka juu ya rundo, aliye chini anaudaka kwa bega. Kazi hiyo asiiguse hata mara moja, hata lori likiwa limechelewa.

Asiendeshe foklifti wala gari lolote, hata kulisogeza tu kupisha wengine. Asipande ngazi wala rundo. Asipangwe zamu ya usiku wala saa za ziada, na kila baada ya saa 2 apumzike dakika 10 penye kiti.

Kukaa, kuandika na kutembea sakafuni anaweza vizuri. Kwa maoni yangu anafaa kwenye mizani ya magari, au mlangoni kuhesabu mifuko na kujaza hati za kupokelea mzigo. Kama nafasi ya namna hiyo haipo, tafadhali nijulishe kabla hajaripoti Jumatatu, tutafute njia nyingine pamoja.

Ugonjwa sikuutaja, kwa makusudi. Taarifa za afya ni taarifa binafsi nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na unachohitaji ili kumpangia kazi kimo humu chote. Msimamizi wa zamu aambiwe masharti tu, barua hii ibaki kwako. Nakuomba sana asiulizwe anaumwa nini, si na msimamizi wala wenzake; akibanwa na maswali ataficha hali yake, na hapo ndipo ataumia. Yeye mwenyewe ameisoma barua, amekubali nikuletee, na ana nakala.

Akijisikia vibaya kazini aletwe zahanati saa hiyohiyo, asisubiri zamu iishe.

Nitamwona tena Alhamisi tarehe 16 Aprili, saa 3 asubuhi. Naomba asikatwe mshahara kwa muda huo. Masharti mengine yatakoma tarehe 19 Aprili nisipoandika vinginevyo, lakini foklifti asiendeshe mpaka upate barua yangu ya kumruhusu.

Wako katika kazi,

Dkt. N. Sanga
Daktari wa Afya Kazini

Nakala: Mfanyakazi Na. 2318